Mtoto hajapimwa uzito: namna ya kutoa dozi kwa jedwali la umri, na pale jedwali linapogota

Swali hili haliishi kwa wanaoanza kazi kwenye maduka ya dawa muhimu na zahanati zetu huku Tanga: mtoto kaletwa na bibi au na dada yake wa darasa la sita, cheti kina majina ya dawa tu, kadi ya kliniki imebaki nyumbani, mzani hakuna au umeharibika. Nimpe kiasi gani? Wengi hujibiwa "angalia umri kwenye jedwali", wakaangalia, wakatoa. Jibu si baya, ila halijakamilika. Jedwali la umri linakisia uzito kwa niaba yako, na yeyote anayekisia anaweza kukosea kwa mtoto aliye mbele yako.

Hapa nitashika dawa mbili tu, kwa kuwa ndizo zinazotoka pamoja karibu kila siku: dawa mseto ya malaria (ALu) na parasetamoli ya maji. Zinafaa pia kwa kufundishia, maana kosa la moja halifanani na kosa la nyingine.

Uwe na nini kabla hujaanza

- Jedwali lenyewe, la dawa hiyo hiyo unayotoa, lililochapishwa. Usitegemee kumbukumbu, wala usitumie jedwali la amoksilini kukisia parasetamoli.
- Utepe wa rangi wa kupimia mkono, ule wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Zahanati ikiwa nao wa ziada, omba.
- Bomba la sindano la mililita 5 au 10, bila sindano yake, la kupimia sirapu.
- Kalenda yenye miezi ya Kiislamu na ya kawaida pamoja. Sababu yake utaiona hatua ya 3.
- Kalamu na simu ya kupigia hesabu.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kweli uzito haupatikani.

Mara nyingi unapatikana, ni haraka tu inayotufanya tusiutafute. Piga simu nyumbani, mtu asome kadi ya kliniki. Uzito wa miezi miwili mitatu iliyopita ni bora kuliko jedwali lolote la umri, kwa sababu mtoto wa mwaka 1 hadi 5 huongezeka takriban kilo 2 tu kwa mwaka mzima. Ikiwa kadi inasema kilo 12 miezi mitatu nyuma, leo hajafika 15, na kama ameumwa sana katikati huenda hata ameshuka. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja uzito wa zamani haufai hivyo: mtoto huzidisha uzito wa kuzaliwa mara mbili akifika karibu miezi mitano, na mara tatu akitimiza mwaka.

Jirani akiwa na mzani wa kusimama, mpime mtu mzima akiwa amembeba mtoto, kisha mpime peke yake, utoe. Mizani hiyo hukosea nusu kilo hadi kilo nzima. Kwa mtoto wa kilo 12 kosa hilo linavumilika, kwa mchanga wa kilo 4 halivumiliki.

2. Kabla ya dozi, angalia kama mtoto huyu ni wa kwako kumhudumia.

Hanyonyi au hawezi kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege katika ugonjwa huu, amelegea au haamki vizuri: huyo hahitaji jedwali, anahitaji kituo cha afya au hospitali sasa hivi. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi 3, au anayeonekana hajafika kilo 5. Kwa hao usikisie chochote, mpe rufaa.

3. Tafuta umri kwa miezi.

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, na huharibika kabla jedwali halijafunguliwa. "Ana miaka mitatu" ya mlezi inaweza kuwa miaka miwili na miezi miwili, kwa maana anaelekea mwaka wa tatu. Inaweza pia kuwa mitatu na miezi kumi. Usiulize "ana miaka mingapi?" pekee. Uliza alizaliwa lini, na kama tarehe haijulikani, alizaliwa karibu na nini.

Kwetu pwani jibu mara nyingi litakuja kwa mfungo: alizaliwa Mfungo Sita, au katikati ya Ramadhani. Ni jibu zuri, lina uhakika kuliko "kipindi cha masika", lakini lina mitego miwili. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, ni mfupi kwa siku kama 11. Maulidi tatu zikipita tangu azaliwe, mtoto hajatimiza miaka mitatu, ana miwili na miezi kumi na moja. Mtego wa pili ni kwamba walezi huihesabu na ile aliyozaliwa. "Hii ni Maulidi yake ya nne" haina maana ya miaka minne. Toa moja kwanza, ndipo urudi kwenye kalenda.

Ukipata mwezi na mwaka, andika umri kwa miezi. Mtoto wa miezi 35 na wa miezi 37 wanaonekana pacha, lakini kwenye jedwali la ALu wako mistari miwili tofauti.

4. Soma mstari kama ulivyoandikwa.

Kwa ALu ya kawaida, kidonge chenye artemetha miligramu 20 na lumefantrini 120, mgawanyo ni huu, kila dozi mara mbili kwa siku kwa siku tatu:

- Miezi 3 hadi kabla ya kutimiza miaka 3 (kilo 5 hadi chini ya 15): kidonge 1
- Miaka 3 hadi kabla ya kutimiza 8 (kilo 15 hadi chini ya 25): vidonge 2
- Miaka 8 hadi kabla ya kutimiza 12 (kilo 25 hadi chini ya 35): vidonge 3
- Miaka 12 na kuendelea (kilo 35 na zaidi): vidonge 4

Tazama hayo mabano. Kila mstari wa umri umefungwa kwenye uzito, na uzito ndio wenye kauli. Siku utakayokuwa na vyote viwili na vikapingana, fuata kilo.

Kwa parasetamoli ya maji, watu wengi wana mistari ya Uingereza: miezi 3 hadi 5 miligramu 60, miezi 6 hadi 23 miligramu 120, miaka 2 hadi 3 miligramu 180, miaka 4 hadi 5 miligramu 240. Hapo "miaka 2 hadi 3" inamchukua mtoto mpaka siku moja kabla hajatimiza minne. Dozi moja kila baada ya saa 4 hadi 6, zisizidi nne kwa saa 24. Mistari hiyo iliwekwa kwa kuangalia watoto wa kule. Kipimo cha kweli cha parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na jumla ya siku isizidi 60 kwa kila kilo.

5. Sasa mwangalie mtoto.

Mvue shati. Jedwali halimwoni, wewe unamwona. Kwa vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kati wa miaka mitatu ana kilo 14.3 na msichana 13.9. Ila watoto wa umri huo huo wanaopishana kilo 11 na kilo 18 wote wamo ndani ya kile kinachohesabiwa kuwa ni cha kawaida. Kwa hiyo mstari mmoja wa umri unabeba watoto wa maumbo mbalimbali mno, na kazi yako ni kujua huyu yuko upande gani.

Kwa wa miezi 6 hadi 59, funga utepe mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Usiukaze hadi ngozi ikunjamane. Kijani, sentimita 12.5 na zaidi: endelea na mstari wa umri. Njano, 11.5 hadi chini ya 12.5: mtoto ni mwepesi kuliko jedwali linavyodhani. Nyekundu, chini ya 11.5: huyu ana utapiamlo mkali, na hata kama homa ni ndogo anatakiwa kwenda kuonwa.

Bonyeza pia miguu kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, ni uvimbe wa maji, na hapo mkono mnene wala uso wa duara visikudanganye. Nyekundu na uvimbe vyote ni rufaa.

6. Amua upande wa kuegemea, dawa kwa dawa.

Wanaoanza hupenda kanuni moja: "ukiwa na shaka, punguza". Kwa parasetamoli kanuni hiyo ni sahihi. Kwa ALu inaweza kumrudisha mtoto na malaria ile ile.

Chukua parasetamoli. Ini la mtoto aliyekonda, ambaye hajala siku mbili, lina akiba ndogo ya kitu kinachoondoa sumu ya dawa hii. Dozi moja iliyozidi kidogo haimuui, lakini iliyozidi ikirudiwa mara nne kwa siku kwa siku tatu inajilimbikiza. Ukipunguza, hasara ni homa kushuka polepole. Kwa hiyo mtoto wa utepe wa njano mshushe mstari mmoja.

ALu iko kinyume. Mtoto wa miaka minne na nusu, ana kilo 18, mlezi hajui umri vizuri nawe unaogopa, unampa kidonge kimoja kimoja. Umempa nusu ya anachostahili. Homa itashuka siku ya pili, kila mtu atashukuru, halafu wiki mbili tatu baadaye vimelea waliobaki watainuka tena, na mama atasema dawa mseto haifanyi kazi. Upande wa kuzidisha, dawa hii ina nafasi: mtoto wa kilo 10 akipewa vidonge viwili viwili anapata kwa kila kilo sawa na anachopata mtoto wa kilo 5 kwa kidonge kimoja, na huyo wa kilo 5 yumo kwenye mstari halali. Simaanishi utoe viwili ovyo. Namaanisha kwamba mtoto aliyetimiza miaka mitatu kwa hakika, mkono wake kijani, mwili wa kawaida, apewe viwili. Usimshushe kwa woga tu. Anayeshushwa ni yule ambaye mwili wake unaonyesha wazi hajafika kilo 15.

Ziko dawa ambazo jedwali la umri hulitumii kabisa, hata kama mtu amelichora ukutani: sindano ya artesuneti, gentamaisini, kwinini, aminofilini, digoksini, dawa za kifafa, za kifua kikuu na za kupunguza makali ya VVU. Hizo nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru au inayoshindwa ni finyu, au zimepangwa kwa kilo tangu mwanzo. Na ziko ambazo umri ndio kipimo chake halali: zinki ya kuharisha, miligramu 10 kabla ya miezi 6 na 20 kuanzia hapo, matone ya vitamini A, na albendazo ya minyoo, miligramu 200 kwa wa miezi 12 hadi 23, kisha 400.

7. Geuza miligramu kuwa mililita, ukisoma chupa uliyoishika.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu ni hili. Parasetamoli ya maji ipo ya miligramu 120 kwa mililita 5, na ipo ya 250 kwa mililita 5. Matone ya wachanga yanaweza kuwa makali zaidi ya zote mbili. Maboksi yanafanana, na mlezi anakumbuka "vijiko" alivyoambiwa mara ya mwisho.

Miligramu 120 kutoka chupa ya 120 ni mililita 5. Kutoka chupa ya 250 ni mililita 2.4. Hesabu yake: gawanya miligramu unazotaka kwa miligramu za chupa, zidisha kwa 5. Kisha chora mstari kwa kalamu kwenye bomba pale dawa inapotakiwa kufika, umkabidhi mlezi na bomba lake. Kijiko cha chai cha nyumbani hakina ukubwa mmoja, na kile cha kupakulia wali ndicho kinachokaa karibu na chupa.

8. Toa dozi ya kwanza mbele yako, kisha andika.

ALu inywewe pamoja na kitu chenye mafuta kidogo, maana lumefantrini bila mafuta hainyonywi vizuri. Maziwa ya mama yanatosha, uji wa maziwa au wa nazi, au andazi na chai ya maziwa. Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi. Ya pili ni baada ya saa 8, ya tatu ni saa 24 baada ya ile ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12. Kwa mfano, ukianza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, halafu kesho na keshokutwa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwambie mlezi saa zenyewe, usiishie kwenye "kutwa mara mbili".

Kwenye cheti na kwenye daftari andika: "Uzito haukupimwa. Dozi kwa umri wa miezi fulani. Utepe: njano." Asiyeandika anamwachia muuguzi wa kesho adhani kwamba kilo zilijulikana.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Bibi mmoja aliingia na mjukuu dukani Pongwe, wametoka zahanati, kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha anayo. Cheti: ALu, parasetamoli ya maji. Dozi hakuna, uzito hakuna.

"Shikamoo bibi. Huyu bwana ana umri gani?"

"Marahaba mwanangu. Minne huyu. Kazaliwa usiku wa Maulidi, na hii iliyopita juzi ni Maulidi yake ya nne."

Ukishika hiyo minne, unaangukia mstari wa ALu vidonge viwili, na parasetamoli miligramu 240. Tukahesabu tena. Maulidi ya kwanza ndiyo aliyozaliwa, kwa hiyo zimepita tatu. Miaka mitatu ya Kiislamu ina upungufu wa kama siku 33. Mtoto ana miaka miwili na miezi kumi na moja. ALu inakuwa kidonge kimoja, parasetamoli inashuka hadi mstari wa miaka 2 hadi 3, yaani miligramu 180.

Shati likavuliwa, mbavu zinahesabika. Utepe ukasoma sentimita 12.1, njano. Miguu haina shimo, anakunywa, anamkasirikia kila mtu, hana dalili ya hatari. Parasetamoli tukaishusha mstari mmoja tena, miligramu 120, na chupa iliyokuwepo ilikuwa ya 120 kwa mililita 5, kwa hiyo mililita 5 kila baada ya saa sita homa ikiwapo. ALu ikabaki kidonge kimoja, kwa kuwa umri na mwili vyote vilisema bado hajafika 15. Kidonge cha kwanza alikunywa hapo hapo na uji, na bibi akaambiwa ampeleke kliniki kesho yake akapimwe uzito na aingizwe kwenye lishe.

Kliniki ilipima kilo 10.9. Sasa rudisha hesabu uone. Miligramu 120 kwa kilo 10.9 ni 11 kwa kila kilo, sawasawa. Zile 180 za jedwali, bila kumwangalia, zingekuwa 16.5 kwa kila kilo, zimeshavuka 15, ingawa umri ulikuwa sahihi. Zile 240 za "miaka minne" zingekuwa 22 kwa kila kilo, na mara nne kwa siku ni 88, wakati mwisho ni 60. Na kama mtu angeambiwa "mililita saba na nusu" za mstari wa 180 halafu akazipima kutoka chupa ya 250, mtoto angepata miligramu 375 kwa mkupuo, zaidi ya 34 kwa kila kilo. Hakuna hatua hapo ambayo mtu angeona amefanya jambo la ajabu. Kosa la kalenda, kosa la mwili na kosa la chupa yanaingia moja juu ya jingine, kimya kimya.

Ikigoma

*Umri haujulikani kabisa.* Mtoto wa kulelewa, mlezi hajui hata mwaka. Meno husaidia kidogo: meno ya utoto yote 20 hukamilika kati ya miaka miwili na mitatu, kwa hiyo magego ya nyuma yakiwa hayajatoka, huna sababu ya kumwita wa miaka minne. Ule mtindo wa kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, uliotumika zamani kuandikisha darasa la kwanza, hauna kazi hapa. Ukibaki gizani, ALu isianze kwa kubahatisha kama kuna mzani umbali wa bodaboda. Mpe parasetamoli kwa mstari wa chini, umwelekeze huko akapimwe.

*Majedwali mawili hayakubaliani.* Hutokea, na si lazima moja liwe na kosa la uchapaji. Jedwali la matibabu ya watoto wagonjwa linalotumika kwenye zahanati humpa wa miezi 2 hadi kabla ya miaka 3 robo ya kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500, yaani 125, wakati lile la Uingereza linampa wa miaka miwili 180. La kwanza linamlinda mtoto wetu mwembamba wa miaka miwili, ila mstari wake ni mpana mno: umeanzia kilo 4, na miligramu 125 kwa kilo 4 ni zaidi ya 31 kwa kila kilo. Chagua jedwali moja la nchini, lishike hilo, na kwenye ncha za kila mstari rudi kwenye 10 hadi 15 kwa kila kilo.

*Mtu kakuambia tumia "umri jumlisha nne, zidisha mbili".* Hesabu hiyo inatoa kilo 14 kwa wa miaka mitatu, ambayo ni ya mtoto wa kati. Kwa yule wa Pongwe ingekosea kilo tatu. Ni jedwali lile lile la umri lililovaa nguo nyingine, halina habari zaidi.

*Mtoto mnene kuliko umri wake.* Kwa parasetamoli baki kwenye mstari wa umri, usipande. Kwa ALu, kama ana miaka miwili na nusu lakini mwili ni wa kilo 16 au 17, usiamue kwa macho, tafuta mzani leo leo. Hapo ndipo mtu hupewa nusu dozi bila kujua.

*Tayari alipewa kitu nyumbani.* Uliza jina, na uliza hasa dawa ya mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani. Ikiwa hazijapita saa 4 tangu dozi ya mwisho, subiri.

*Amezidishiwa parasetamoli.* Usingoje dalili. Mtoto anaweza kucheza siku nzima huku ini linaharibika, na manjano huja siku mbili tatu baadaye. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na chupa iende naye, pamoja na karatasi yenye saa na kiasi cha kila dozi aliyokunywa.

*Homa haijashuka baada ya siku mbili za ALu, au imerudi ndani ya mwezi.* Usirudie dawa mseto kwa jedwali lile lile. Mrudishe zahanati akapimwe upya, damu na uzito, na upeleke cheti chenye maandishi ya hatua ya 8 ili waone dozi ilikisiwa kwa umri upi.